Kiwanja ni chake, lakini nyumba ni ya nani?

Mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 15, 11 na 6, na ninaishi Morogoro. Niliolewa mwaka 2008 kwa ndoa ya Kiislamu. Mume wangu alikuwa na kiwanja alichokinunua mwaka 2006, kikiwa na msingi tu. Nyumba tumeijenga tukiwa pamoja, yeye kwa mshahara wake na mimi kwa biashara ya mama lishe, na bati zilinunuliwa kwa fedha yangu ya kikoba. Hati ina jina lake peke yake. Mwaka 2021 alikopa benki kwa dhamana ya nyumba ili tupige plasta na kujenga uzio, nami nikatia saini; zimebaki milioni 7. Ana akiba ya milioni 9 kwenye SACCOS ya kazini kwake. Mimi nina milioni 2.4 kwenye kikoba, na deni la kausha damu la milioni 1.5 nililolipia ada. Mwaka jana alikopa milioni 5 akanunua pikipiki, nayo iko kwa ndugu wa mke wake wa pili.

Miezi miwili iliyopita alinipa talaka kwa karatasi. Anasema kiwanja alikuja nacho, kwa hiyo nyumba ni yake, ila madeni yote tugawane nusu kwa nusu. Shehe ameshauri nipokee milioni 3 za maliwazo na nisaini kwamba sina dai tena. Nasikia pia ameanza kutafuta mnunuzi. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Morogoro

JIBU

Waalaikum salaam, dada. Naanza na hiyo karatasi ya milioni 3, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo likiharibika leo halitengenezeki kesho. Usiisaini kama ilivyo. Maliwazo anayopewa mwanamke aliyeachwa ni haki yenye asili yake katika dini, na kuyapokea si kosa. Hatari iko kwenye maneno ya stakabadhi. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seifu, ambalo Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua mwaka 1983, mahakama ilitamka kwa mara ya kwanza kwa uzito wa namna hiyo kwamba kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Wanawake wengi wanalijua shauri hilo kwa sehemu hiyo tu. Wachache wanajua kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi kwa ajili ya familia, mahakama ikaona kwamba alizitapanya, na kwa hiyo ikazihesabu kuwa fungu lake ameshalichukua. Kwa hiyo ukiamua kupokea maliwazo, stakabadhi iseme kwamba hiyo ni fedha ya maliwazo ya talaka na haihusiani na mgawanyo wa mali. Akikataa maneno hayo, utakuwa umeelewa milioni 3 hizo zilikuwa za kazi gani.

Jambo la pili ni talaka yenyewe. Kwa Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haitumiki Zanzibar. Huko mashauri ya ndoa za Kiislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi, na msomaji wa Unguja au Pemba asichukue majibu haya kama yake. Chini ya sheria ya Bara, mahakama hugawa mali inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya kuitoa. Karatasi aliyokupa mume wako, hata kama kidini imetimia, si amri ya mahakama, na peke yake haimpi hakimu mamlaka ya kugusa nyumba wala akiba.

Njia ya kufika kwa hakimu inapitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. BAKWATA ina mabaraza yanayotambulika kwa kazi hiyo, na baraza la kata nalo hutumika. Baraza huwaita ninyi wawili, huwasikiliza, na likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kushindwa kusuluhisha, ambayo watu wa mahakamani wanaiita Fomu Namba 3. Kwa ndoa ya Kiislamu sheria ina mpangilio wake: ikithibitika kwamba ndoa ilifungwa kwa taratibu za Kiislamu, kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha, na kwamba baada ya hapo mmoja wenu amefanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika kabisa na itatoa talaka. Angalia neno «baada ya hapo». Talaka ya mume wako ilitangulia Baraza, kwa hiyo haitoshelezi kifungu hicho. Hilo halikufungii mlango, kwa kuwa bado unaweza kuthibitisha kwa ushahidi mwingine kwamba ndoa haipo tena, lakini usije ukaruka Baraza kwa kudhani kwamba karatasi imemaliza kazi. Nimeona mgawanyo mzuri wa mali ukifutwa kwenye rufaa, baada ya miaka ya kupanda na kushuka ngazi, kwa sababu tu hati ya Baraza haikuwepo au Baraza lilimsikiliza mtu mmoja. Hakikisha mume wako ameitwa, na kwamba kumbukumbu za Baraza zinaonyesha hivyo. Elewa pia kwamba Baraza kazi yake ni kupatanisha. Likikugawia vyumba na masufuria, mgawo huo hauna nguvu ya amri.

Sasa nyumba, ambako ndiko kwenye kiini cha swali lako. Mume wako ana hoja moja ya kweli na moja ya uongo, na amezifunga kitita kimoja. Ya kweli ni kwamba ndoa peke yake haihamishi mali ya mtu, na mali iliyo kwa jina la mmoja wenu huchukuliwa kuwa yake. Lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Jina kwenye hati ni mwanzo wa mazungumzo tu. Hoja ya uongo ni kwamba kwa kuwa kiwanja kilitangulia ndoa, basi kila kilichosimama juu yake kinafuata kiwanja. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinampa hakimu mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja, na kifungu kidogo cha tatu kinaongeza kwamba mali hiyo ni pamoja na ile ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au na wote wawili. Msingi uliogeuka kuwa nyumba yenye bati, plasta na uzio ni maendeleo makubwa kwa kipimo chochote. Kama mngekuta nyumba kamili ukapaka rangi tu na kubadilisha kitasa, ningekujibu vingine.

Kuingia kwenye mgawanyo, hata hivyo, si sawa na kupata nusu. Hapa ndipo watu wanapotoka mahakamani na machungu. Sheria inamwelekeza hakimu aangalie mila za jamii ya wahusika, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Akishayapima hayo ndipo aelekee kwenye usawa. Usawa ni mwelekeo, na mizani yake ni ushahidi. Mahakama ya Rufani imerudia mara kwa mara kwamba kiasi cha mchango ni jambo la kuthibitishwa, na anayedai ndiye anayebeba mzigo huo. Kazi ya nyumbani inahesabika, lakini ukisimama mbele ya hakimu ukasema tu «tulijenga pamoja», na mwenzako akatoa hati za mshahara, risiti za saruji na fundi wake, hakimu atagawa kwa kile alichokiona.

Kwa hiyo anza kukusanya sasa, ungali ndani ya nyumba. Daftari la kikoba linaloonyesha mgao wa mwaka ule mlioezeka lina thamani kuliko maneno ya kurasa kumi, hasa tarehe ya mgao ikikaribiana na tarehe ya risiti ya bati. Katibu au mwekahazina wa kikoba anaweza kuja kuwa shahidi. Fundi aliyeezeka anakumbuka nani alimlipa na nani aliyekuwa anawapikia mafundi, na hilo la kuwapikia mafundi usilidharau, maana nalo ni kazi iliyoingia kwenye nyumba. Ujumbe wa miamala ya simu uliomtumia fundi au muuza vifaa uchapishwe kabla simu haijapotea. Chukua pia nakala ya cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na mkataba wa mkopo wa 2021.

Kuhusu mnunuzi anayetafutwa, una kinga ambayo inafanya kazi leo hii. Kifungu cha 59 kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa bado ipo, na mbele ya mahakama ndoa yenu bado ipo. Kifungu hichohicho kinakupa haki ya kuweka zuio kwenye kumbukumbu za ardhi, yaani maombi unayopeleka kwa Msajili wa Hati ili mtu yeyote atakayepekua hati hiyo akute jina lako na dai lako. Fanya hivyo kabla ya kwenda Barazani, si baada yake. Mnunuzi aliyenunua bila kujua wala kuwa na njia ya kujua anaweza kulindwa na sheria dhidi yako. Zuio likishaandikwa, na barua ikapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, hakuna atakayedai hakujua. Bahati nzuri kwako ni kwamba hati imeshikiliwa na benki, kwa hiyo uuzaji wa chini kwa chini si rahisi. Shauri likishafunguliwa, omba pia amri ya muda ya kuzuia uuzaji na utoaji wa akiba mpaka hukumu itolewe.

Akiba ya SACCOS inafuata kanuni ileile ya jina: iko kwa jina lake, lakini kama ilikatwa kwenye mshahara katika miaka ambayo wewe ulikuwa unalisha nyumba kwa mauzo ya wali na maharage, mahakama inaweza kuiona kuwa imepatikana kwa juhudi za pamoja. Kilichowekwa kabla ya 2008 anaweza kudai kibaki chake. Chama hakitakupa wewe taarifa ya akaunti ya mwanachama mwingine, na usigombane nao. Iombe mahakama iite kumbukumbu hizo. Na hapa nikuambie jambo ambalo huenda hukulitaka: kikoba chako nacho kitawekwa mezani kwa sababu ileile. Ukikificha na mwenzako akaleta mwanachama mmoja wa kukitaja, hakimu ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli uliyoyasema kuhusu bati.

Kwenye madeni, swali la kuuliza kwa kila deni ni moja: lilikopwa kwa manufaa ya nani? Sheria inataja madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya pamoja, bila kujali nani alisaini. Mkopo wa benki uliingia kwenye plasta na uzio, kwa hiyo ni wa wote. Kausha damu ya ada ni ya wote vilevile, ingawa imesainiwa na wewe peke yako, na risiti ya shule yenye tarehe inayolingana ndiyo itakayolithibitisha hilo. Mkopo wa pikipiki ni kitu kingine. Anayetaka deni ligawanywe ndiye aonyeshe liliinufaisha vipi nyumba yenu, na pikipiki inayoingiza hesabu kwa watu wengine itakuwa kazi ngumu kuieleza. Lakini akithibitisha kwamba hesabu ya pikipiki ilikuwa inanunua unga wenu, mambo yatabadilika. Kwa hiyo usiseme mahakamani kwamba hujawahi kuonja senti yake kama si kweli.

Tuweke hesabu kwa mfano. Tuseme mthamini aliyesajiliwa amekadiria nyumba kuwa na thamani ya milioni 60. Ongeza akiba zote mbili, milioni 9 na milioni 2.4, unapata milioni 71.4. Toa madeni ya pamoja, milioni 7 za benki na milioni 1.5 za ada, inabaki milioni 62.9, na mkopo wa pikipiki tumeuacha kwa aliyeuchukua. Tuseme hakimu, kwa kuangalia kiwanja alichokuja nacho mume na mshahara wake kwa upande mmoja, na bati, biashara na malezi yako kwa upande wa pili, amekupa asilimia 40. Fungu lako ni milioni 25.16. Wewe unabaki na kikoba chako na unalipa kausha damu yako, yaani mkononi una milioni 0.9 halisi. Mume akibaki na nyumba, SACCOS na deni la benki, anatakiwa akulipe tofauti, ambayo ni milioni 24.26, naye anabaki na milioni 37.74. Linganisha hizo na milioni 3 za kwenye stakabadhi.

Asilimia 40 nimeichukua kwa ajili ya hesabu tu. Hakimu anaweza kukupa 30 kama ushahidi wa bati hautasimama, au 50 ukisimama vizuri. Mume anaweza pia kuomba thamani ya kiwanja na msingi itolewe kwanza ndipo kilichobaki kigawanywe. Tukikadiria kuwa ni milioni 12, zinabaki milioni 50.9, na 40 kwa mia yake ni milioni 20.36. Wakili wako apinge kiwanja kutumika mara mbili: kama kimeshatolewa pembeni kuwa chake, hakiwezi tena kuwa sababu ya kukupunguzia asilimia. Nimeliona kosa hilo likipita bila mtu kulisemea.

Asilimia ikishajulikana, ugomvi huhamia kwenye namna ya kulipa. Kuuza nyumba na kugawana fedha kunamaliza jambo haraka, lakini nyumba inayouzwa kwa shinikizo hushuka bei. Ikienda kwa milioni 50 badala ya 60, fungu lako la asilimia 40 katika mfano wa kwanza linashuka mpaka milioni 21.16. Mume kubaki na nyumba na kukulipa ni bora kwako ikiwa ana uwezo wa kulipa. Amri inayosema tu «amlipe mkewe asilimia 40» ni mwanzo wa kesi nyingine. Omba amri itaje thamani iliyotumika, kiasi kwa shilingi, tarehe ya mwisho ya kulipa, na kwamba tarehe hiyo ikipita bila malipo nyumba iuzwe na ulipwe kutokana na mauzo. Ikiwa watoto watakaa nawe, hali yao inaweza kumfanya hakimu akuruhusu ubaki humo mpaka ulipwe. Matunzo yao ni dai jingine linalosimama peke yake, na mume hawezi kulikata kwenye fungu lako la nyumba.

Limebaki la benki, na hili ulisome mara mbili. Mahakama inaweza kumwamuru mume amalize milioni 7, lakini amri hiyo inawafunga ninyi wawili. Benki haikuwa kwenye shauri lenu na mkataba wake unabaki vilevile. Mume akiacha kulipa, nyumba inaweza kuuzwa hata kama una hukumu mkononi. Kwa hiyo tafuta nakala ya mkataba na uangalie saini yako ya 2021 imekaa chini ya maneno gani. Sheria ya Ardhi inaitaka benki ipate ridhaa ya mwenzi kabla ya kuchukua nyumba ya ndoa kuwa rehani, na kama ulisaini kama mwenzi anayeridhia tu, benki haiwezi kukudai wewe binafsi baada ya nyumba kuuzwa. Kama ulisaini kama mkopaji mwenza au mdhamini, inaweza kukufuata mpaka kwenye meza yako ya wali. Ikiwa ni hivyo, amri au makubaliano yenu yaseme kwamba deni lilipwe na dhamana iondolewe kabla au wakati uleule unapolipwa fungu lako, na usikubali kuhama au kusaini uhamisho wowote kabla hujapata barua ya benki inayosema kwamba umeachiliwa kwenye mkopo huo.